Wigi Lisilo na Mvi

Mtu akipita dirishani kwetu kwa mara ya kwanza lazima ashtuke. Upande mmoja nipo mimi na cherehani yangu, sina cha kumtisha mtu ila mdomo. Upande wa pili kuna vichwa. Vichwa vya sponji vimepangwa kwenye rafu, havina macho wala pua ya maana, na vyote vimevaa nywele. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita mwenzangu Dada Vichwa, na yeye anaitika bila kinyongo. Mimi naitwa Fundi tu. Tumekaa chumba kimoja cha kazi muda mrefu kiasi kwamba akikohoa mimi nasema pole kabla hajamaliza.

Dada Vichwa anatengeneza mawigi na kuyauza mtandaoni. Usije ukafikiri ni yale ya kufyatuliwa kwa mashine, yanayokaa kichwani kama sufuria. La hasha! Yeye ana wavu mwembamba ambao ukiutupa hewani unachelewa kuanguka, na ana kindoano kidogo ambacho mimi, na macho yangu ya kutunga uzi, nakiona kwa shida. Anachukua unywele, anaupitisha, anaufunga fundo, anavuta. Halafu mwingine. Huku nyuma ya kichwa anafunga kadhaa kwa pamoja, lakini akifika mbele, pale nywele zinapokutana na paji la uso, anafunga mmoja mmoja, tena anachagua vifupi na vyepesi, vile vinywele vya malaika vinavyojikunja vyenyewe mtu akitoka kuoga. Hapo ndipo anapomaliza mgongo wake. Nilishamwambia, "Wewe mwanamke, nani atakuja kuhesabu hivyo?" Akasema, "Hakuna wa kuhesabu, Fundi. Ila visipokuwepo kila mtu anajua ni wigi."

Wateja wake ni wanawake walionyonyoka nywele kwa dawa za saratani. Hakuanza hivyo, alianza na maharusi. Kilichombadilisha ni mdogo wake.

Yule mdogo wake nilimjua. Alikuwa mcheshi, hana adabu hata kidogo, akiingia humu anavisalimia vile vichwa kimoja kimoja kabla ya kutusalimia sisi. Alipoambiwa ataanza matibabu na nywele zitatoka, alikuja hapa akakaa kwenye kiti changu cha wateja, akasema, "Kata zote leo, dada, kabla hazijaniacha. Mimi ndiye niziache." Dada Vichwa akakata. Nilikuwepo, nikajifanya napinda sketi. Nywele zilikuwa nyeusi tii, nyingi, laini. Akaanza kumtengenezea wigi la nywele zake mwenyewe, na kwa sababu alitaka liwe zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, alichelewa. Mdogo mtu hakulivaa. Alilishika tu mara moja, kitandani, akalipapasa pale mbele kwenye vile vinywele, akasema, "Usije ukalifungia sandukuni. Mtafutie mtu wa kulivaa, atoke nalo, apate upepo."

Hayo ndiyo maneno aliyomwachia dada yake. Sasa jaribu wewe kukaa na neno kama hilo juu ya rafu, likikutazama kila siku.

Basi. Likakaa pale, kichwa cha katikati. Kila aliyetaka kulinunua kwa ajili ya kwenda kucheza ngoma tu aliambiwa haliuzwi. Mpaka siku moja kikundi cha wanawake wa wodi, wale waliopitia ugonjwa ule ule na wanaowatembelea wengine, wakafungua ukurasa wao kwenye soko la mtandaoni. Wauzaji waliokubaliwa walikuwa wachache. Dada Vichwa akawa mmoja wao. Siku hiyo aliimba humu ndani, na nakuapia hajui kuimba.

Ila ule ukurasa ni mweusi. Si mweusi wa mkaa, ni ule weusi wa kijivu, kama ubao wa shule uliofutwa na kitambaa kikavu. Wale kina mama wa kikundi walieleza sababu: zile dawa zinafanya macho yachukie mwanga. Mgonjwa amelala, kila mtu ndani amesinzia, simu iko karibu na uso. Ukurasa mweupe unamchoma. Kwa hiyo kila kitu humo ni giza, na picha zinatakiwa ziwe za kitu chenyewe tu, kimekatwa, mandhari ya nyuma yameondolewa, kiwe kinaelea juu ya ule weusi.

Hapo ndipo alipoingia Fasta.

Fasta ni dizaina. Ana kibanda mkabala na sisi, anapiga picha za vitambulisho, anachapisha kadi za harusi na mabango. Kila kitu kwake ni fasta fasta. Ukimweleza shida, kabla hujafika nusu ameshasema "nimeelewa, dada yangu, nimeelewa," na mkono uko kwenye kipanya. Ukimtumia ujumbe wa sauti anausikiliza kwa kasi maradufu, wewe uliyekuwa unalia unasikika kama kuku. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, kana kwamba kuna mtu anamsubiri mlangoni siku zote.

Akalipiga picha lile wigi mbele ya ukuta wake mweupe, taa kali, akakata mandhari kwa ile programu yake ya kubofya mara moja. Kwenye kompyuta yake, juu ya ukurasa mweupe, ilipendeza mno. Tukapiga makofi, nami nikapiga, mjinga mimi. Picha ikapanda kwenye ukurasa wa wodi.

Ujumbe wa kwanza ulikuja nikiwa natia uzi. Dada Vichwa akausoma kwa sauti. "Dada, shikamoo. Hili wigi ni zuri lakini naona lina mvi. Mimi nina miaka ishirini na sita, sitaki kuanza uzee mapema, hahaha."

"Mvi?" nikasema. "Mvi za nani?"

Tukaitazama picha simuni. Na kweli bwana! Kwenye kompyuta ya Fasta hazikuwepo, huku zimejaa. Pembeni kote mwa lile wigi kulikuwa na mstari mweupe kama chaki, na pale mbele, kwenye vile vinywele vya malaika, kila kimoja kilikuwa kimevaa weupe. Lilionekana wigi la bibi kizee aliyepita kwenye unga. Dada Vichwa alikaa chini. Alilishusha lile wigi lenyewe, akalipeleka dirishani, akaanza kulipekua unywele kwa unywele, kana kwamba anatafuta chawa.

"Dada, nywele unazijua," nikamwambia. "Ulizikata mwenyewe."

"Najua," akasema, na akaendelea kupekua.

Akamjibu yule binti kwamba hakuna mvi, ni picha. Binti akajibu vizuri tu, kwa mzaha wake, lakini hakutaka kubahatisha. Alishawahi kununua wigi mtandaoni likaja kama tambara la kupigia deki. Alikuwa mji mwingine, hana nguvu za kusafiri. "Nitasubiri picha nyingine," aliandika. "Nikiliona vizuri humu humu kwenye ukurasa wetu, nitalichukua. Naliota." Dada Vichwa akampigia picha nyingine kwa simu yake, humu ndani, ikatoka bonge jeusi lisilo na mbele wala nyuma. Akampigia nyingine nje juani, binti akaomba radhi, mwanga ule hawezi kuutazama.

Mimi, kwa akili zangu za haraka, nikasema, "Si umpelekee tu? Mpe bure, yaishe."

Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Fundi, mgonjwa anapewa kila kitu. Uji anapewa, dawa anapewa, khanga anafunikwa, hata hajaulizwa. Mdogo wangu alikuwa anasema amechoka kupewa. Huyu kuna kitu anakitaka mwenyewe. Acha akione, akitake, akichukue."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Akavuka barabara kwenda kwa Fasta. Kulikuwa na foleni ya watu wa vitambulisho. "Kingo zina weupe, kaka," akaanza. "Nimeelewa, dada yangu." Picha ya pili ikaja. Weupe hakuna! Fasta alikuwa ameula ule ukingo kwa ndani, amekata mpaka ukaisha. Na pamoja nao vinywele vyote vya mbele vilikwenda na maji. Lile wigi likawa kofia ya pikipiki. Ile kazi iliyommaliza mwenzangu mgongo, ile ambayo mdogo wake aliipapasa, ndiyo Fasta aliyoifyeka ili picha iwe safi.

Binti akaandika, "Hili ni lingine? Lile la kwanza lilikuwa linaonekana la mtu."

Akarudi tena. Fasta hakukasirika, huwa hakasiriki, ndicho kinachokera. "Kama ukurasa ni mweusi, dada yangu, nakuwekea nyuma nyeusi, shida imekwisha." Picha ya tatu: vinywele vimerudi, mandhari yamemwagiwa weusi. Nimeshasema ule ukurasa si mweusi wa mkaa. Kwa hiyo wigi lilikaa ndani ya sanduku jeusi, sanduku lenyewe juu ya kijivu, na vinywele bado vinang'aa weupe ndani yake. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilisema, "Sasa amelizika kabisa." Laiti ningejua, ningeung'ata ulimi wangu.

Yule binti siku hizo alikuwa anaandika kidogo kidogo. Maneno mawili, matatu. "Bado picha?" Halafu, "Bado?" Dada Vichwa alikuwa anaiweka simu kifudifudi mezani kama mtu anayemwogopa mdai. Kazi zake nyingine zilisimama. Nilikuta kindoano kimeanguka chini, hata hakukiokota. Aliniambia, "Mimi nilimchelewesha mmoja, Fundi. Sasa namchelewesha wa pili." Nilimwambia asiseme upuuzi. Lakini nilimwona, moyo umekufa.

Ndipo alipoamua kuandika barua. Kwenye karatasi, kwa kalamu. "Nikiongea ananikatiza," akasema. "Karatasi hawezi kuikatiza." Aliniomba kipande cha kitambaa cheusi, nikampa cha suti. Aliniomba pia gazeti, akakata kwa mkasi picha ya mwanamke mwenye nywele, akakata kama watu wote wanavyokata, kwa kuacha karatasi nyeupe kidogo pembeni, akaibandika juu ya kile kitambaa. Kisha aliandika, na alipomaliza alinisomea. Hii hapa. Nakala nilimwomba mwenyewe.

"Kaka Dizaina,

Salamu. Najua una kazi nyingi na foleni iko mlangoni, nakuomba usome barua hii umekaa.

Tazama hiyo picha niliyoibandika kwenye kitambaa. Ule weupe pembeni ni karatasi niliyoiacha mkasi ulipopita. Ningeibandika juu ya karatasi nyeupe usingeuona, na wewe ndivyo unavyofanya: unaitazama kazi yako juu ya nyeupe, kwa hiyo huoni kosa. Wateja wangu wanaitazama juu ya giza. Nakuomba kitu cha kwanza, kabla hujanikabidhi picha yoyote, iweke juu ya kijivu kizito kama ukurasa wao, kisha juu ya nyeupe, kisha uikuze mpaka uone vinukta.

Nimeikuza mimi. Nilichokiona ni hiki. Unywele mmoja wa mbele ni mwembamba kuliko kinukta kimoja cha picha. Kwa hiyo kinukta hicho ni nusu unywele na nusu ukuta wako mweupe, vimechanganyika kama chai na maziwa. Ulipouondoa ukuta, vinukta vya nyuma vilikwenda, lakini hivi vya ukingoni vilibaki na maziwa yake. Ukivikata vyote, umenikatia nywele. Ukivipaka nyuma weusi, maziwa bado yamo, tena picha haielei, imekuwa sanduku. Ninachotaka ni kinukta kibaki pale pale, kibaki chepesi vile vile ili giza la ukurasa lipenye, ila rangi yake iwe ya unywele, si ya ukuta. Sijui hicho kinafanywa kwa kitufe gani. Wewe unajua. Mimi najua tu kinatakiwa kionekane vipi.

Utaniuliza, dada, mstari mwembamba hivyo, una nini? Nakuambia una kila kitu. Wigi lote hili nyuma hata mwanagenzi anaweza kulitengeneza. Kazi yangu iko ukingoni. Mtu akitaka kujua kama hizi ni nywele au ni plastiki, hatazami katikati, anatazama pale zinapoishia. Mgonjwa ndivyo anavyotazamwa. Watu wanamsalimia huku macho yako kwenye paji lake la uso. Nyumbani anajua, njiani anajua. Kwa hiyo akiwa amelala na simu yake gizani, anaikuza picha yangu pale pale mbele, akijiuliza kama watu watajua. Akiona weupe anasema ni mvi, au limeshatumika, au limeota ukungu. Akiona limekatwa kama kofia anasema watajua. Na ana haki.

Nywele hizi ni za mdogo wangu. Uliwahi kumpiga picha ya kitambulisho, alikuchekesha mpaka ikabidi urudie. Aliniachia neno kwamba zipate wa kuzivaa. Aliyezitaka yupo, ana miaka ishirini na sita, anasubiri picha tu. Sina namna nyingine ya kumwonyesha. Nakuomba kaka yangu, safari hii usifanye haraka, lakini pia usichelewe.

Ni mimi, jirani yako wa vichwa."

Nilimwambia, "Dada, hiyo ya mwisho ni ngumu. Usifanye haraka, usichelewe?" Akasema ndivyo ilivyo.

Nilimpelekea mwenyewe ile barua. Fasta aliipokea huku anamwambia mteja ainue kidevu. Akaibana chini ya kikombe chake cha kalamu, pamoja na kitambaa changu, akanionyesha dole gumba. Nikamwambia, "Ukiisoma kwa kasi maradufu na hiyo, nitakuja kukushonea hayo macho." Watu wa foleni wakacheka. Nikarudi.

Siku zikapita, kimya. Kila nikipita naona ile pembe ya kitambaa cheusi imetokeza chini ya kikombe. Yule binti naye kimya, na tukajipa moyo kwamba amechoka kuuliza, ndivyo watu walivyo. Dada Vichwa alikuwa akilichana lile wigi asubuhi na jioni, halina haja ya kuchanwa.

Halafu umeme ukakatika mtaa mzima. Mimi nina cherehani ya miguu, sikusimama, lakini kibanda cha Fasta kilikufa. Hana kompyuta, hana taa, foleni imetawanyika. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukosa la kufanya. Mchana ule ule tukamwona anavuka barabara mbio, barua mkononi, bila kutazama magari.

Alisimama mlangoni, hakuingia. "Dada," akasema, "namkumbuka. Ndiye yule aliyeniambia nipige upande wake wa kushoto kwa sababu wa kulia una deni." Akajifuta uso. "Nimeiweka ile picha yangu kwenye simu, kwenye ule ukurasa, nikaikuza. Ni aibu. Kwa nini hukunipiga?"

"Nilitaka," nikajibu mimi.

Akaeleza kwamba ile picha ya zamani haifai kurekebishwa. Ukuta mweupe na taa kali vilikuwa vimemwaga mwanga katikati ya vinywele, weupe umeshaingia mpaka ndani, akiung'oa wote atang'oa na nywele. Inatakiwa ipigwe upya, nyuma kuwe na kijivu cha wastani, wigi liwe mbali na kitambaa, mwanga laini utoke pembeni. Nikatoa shuka langu la kijivu. Tukalitundika hapo hapo, kando ya dirisha, bila umeme. Fasta alipiga, akatazama, akapiga tena. Kinywele kimoja kilikuwa kimesimama vibaya, Dada Vichwa akakilaza kwa ncha ya kidole. Sijawahi kumwona yule kijana anasubiri kitu, lakini alisubiri.

Umeme uliporudi alijifungia. Aliwarudisha watu wa vitambulisho. Hakutumia ile programu ya kubofya mara moja, alikaa na ule ukingo kidogo kidogo, akiondoa rangi ya shuka kwenye vinukta vya pembeni na kuvirudishia weusi wa nywele, bila kuvikata. Kila alipomaliza kipande alikiweka juu ya kijivu kizito, halafu juu ya nyeupe. Alituita tukatazame. Juu ya ule weusi, wigi lilikaa kama mtu ameinamisha kichwa tu. Vile vinywele vya mbele vilikwenda vikififia vyenyewe gizani, kimoja kimoja, na hapakuwa na mstari. Dada Vichwa aliziba mdomo kwa mkono. "Ni yeye," akasema. Fasta akageuka kutazama ukuta.

Picha ikapanda. Akamwandikia binti: "Mdogo wangu, tazama sasa. Samahani sana kwa kukusubirisha."

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi. Nilijua kabla hajasoma, kwa jinsi alivyoikamata simu kwa mikono miwili.

"Dada, mimi ni dada yake. Mwenye simu hii ametutoka juzi. Nimeiona picha. Ni zuri mno, halina mvi hata moja, alikuwa ananionyesha lile la kwanza anasema wewe unabisha. Naomba nikuulize jambo na usinifikirie vibaya. Tunamzika kesho. Watu watakuja kumuaga na hakutaka kabisa waone kichwa chake. Unaweza kutuletea leo?"

Alisoma mpaka mwisho, kisha akanipa simu nisome tena, kana kwamba mimi ningekuta maneno mengine. Hayakuwepo.

Mimi ndiye niliyesema ovyo. Nilisema, "Dada, usiwape. Neno la mdogo wako lilikuwa mtu atoke nalo, apate upepo. Hizi nywele zikienda huko ndiyo basi, umezika mara ya pili." Nilisema hivyo huku nalia, na nisingependa kukumbushwa.

Alimwandikia yule dada kuuliza kipimo cha kichwa, akasubiri jibu. Kisha akasema, "Alilitaka. Aliliona, akalitaka." Akanipa wigi. "Wamesema kichwa chake kilikuwa kidogo. Nipunguzie kwa nyuma, Fundi."

Nikalipindua, nikachukua mkunjo upande huu na upande huu kwenye wavu, pale kisogoni, nikashona kwa mkono kwa uzi mweusi. Nimeshona nguo za kila namna, za kuzaliwa, za kuolewa, za kwenda mahakamani. Sijawahi kushona kitu polepole namna ile. Yeye akalichana kwa mara ya mwisho, akaja na mafuta kidogo kwenye kidole, akavilaza vile vya mbele. Akalifunga kwenye shuka lile lile la kijivu, akaondoka kwenda stendi.

Aliporudi alisema tu kwamba lilimkaa. "Dada yake alisema watu hawakujua," akasema, akaanza kufagia.

Fasta alivuka kuja kwetu jioni ile, hana habari, anang'aa uso. Akaona kichwa cha katikati kiko wazi, sponji tupu. "Limeondoka!" akasema. "Si nilikuambia? Vipi, amelipenda?"

Nilifungua mdomo wangu nimwambie yote, na nilikuwa nayo mengi. Dada Vichwa akanitangulia. "Kingo zimetoka safi, kaka yangu," akamwambia. "Asante sana." Akampa mkono. Yule kijana akarudi kwake anapiga mluzi, na mpaka leo barua ile ameibandika juu ya kompyuta yake, na kila picha anaiweka kwanza kwenye kijivu.

Tulikuwa hatujaitoa ile picha kwenye ukurasa wa wodi. Hatukukumbuka. Na kwa kuwa sasa ilikuwa inaonekana, simu ikaanza kulia mezani, mmoja baada ya mwingine, kina mama na mabinti wa kila mahali. "Dada, hili ni zuri jamani." "Dada, hizi za mbele ni halisi?" "Dada, bado lipo?" Alizisoma zote, nami nikaacha kushona. Aliniuliza aandike nini. Nikamwambia aandike ukweli, halipo. Alishika simu, akafikiri, akaandika jibu moja na kulituma kwa kila mmoja wao.

"Limeshapata mwenyewe."